Rakai ina watu wengi kuliko wote, mbona kisanduku chake sio kikubwa?

Swali: "Shikamoo daktari. Nasoma masters ya afya ya jamii, wiki ijayo nawasilisha foresti ploti ya zile tafiti tatu za tohara na VVU na nimekwama. Rakai ina watu wengi kuliko wenzake lakini kisanduku chake ukikipima ndo kidogo. Almasi ya chini nayo sielewi inasomwaje, ni wastani tu wa zile tatu? Alafu mwenzangu kanambia mstari ukigusa ile moja basi hiyo tafiti haina kitu, ni kweli?"

Marahaba. Hiyo ya Rakai wengi wanaipita bila kuiona, kwahiyo tuanzie hapohapo, maana ukishakielewa kisanduku basi mstari na almasi havitakusumbua. Foresti ploti ni mchoro unaopanga tafiti juu chini: kila moja ina kisanduku kwenye makadirio yake na mstari wa kulala unaokipitia, alafu almasi ya chini kabisa ni jibu la zote kwa pamoja.

Tuziweke namba mezani kwanza. Tafiti zote tatu ziko karibu sawa kimuundo: wanaume ambao hawajatahiriwa wanajitolea, inachezwa kama bahati nasibu, nusu wanatahiriwa mara moja na nusu wanaombwa wasubiri mpaka utafiti uishe, alafu wote wanapimwa kila baada ya muda kuona nani kaambukizwa. Orange Farm kule Afrika Kusini walikuwa 3,274, matokeo yakatoka 2005. Kisumu 2,784 na Rakai, Uganda, 4,996, hizi zote mbili zilichapishwa 2007. Waliotahiriwa wakaambukizwa 20 Orange Farm, 22 Kisumu, 22 Rakai. Waliosubiri wakaambukizwa 49, 47 na 45.

Sasa jumlisha walioambukizwa tu, usiangalie walioandikishwa. Orange Farm 69, Kisumu 69, Rakai 67. Umeona? Kwa macho ya takwimu hizi tafiti tatu ni saizi moja, hata kama Rakai iliandikisha watu karibu mara mbili ya Kisumu.

Fikiria wavuvi wawili, unataka kujua wavu wa nani unashika zaidi. Huyu akikaa baharini usiku mzima akarudi na samaki watatu na yule akarudi na wawili, hujajua kitu bado, hata kama walikesha. Kinachokupa uhakika ni samaki waliomo kwenye ndoo, sio masaa waliyokaa majini. Kwenye utafiti wa maambukizi, watu walioandikishwa na miaka waliyofuatiliwa ndo masaa ya baharini, na maambukizi mapya ndo samaki. Rakai walichukua wanaume wa miaka 15 hadi 49, na kwa wale waliosubiri maambukizi yalikuwa 1.33 kwa kila watu 100 kwa mwaka, wakati Orange Farm, ambako walichukua vijana wa 18 hadi 24 tu, ilikuwa kama 2.1. Yani Rakai bahari ilikuwa na samaki wachache ikabidi wapeleke mitumbwi mingi ili warudi na ndoo ileile.

Ukubwa wa kisanduku ndo uzito wa utafiti, yani kiasi cha taarifa ulichonacho. Programu inachukua upana wa makadirio ya kila utafiti, inapata ile standadi era (nitaiita SE), alafu uzito unakuwa moja gawanya kwa SE kipeo cha pili. Hii unaweza kuifanya mwenyewe na kikokotozi cha simu kutoka kwenye namba zilizochapishwa. Kisumu walitoa uwiano wa hatari 0.47, yani hatari ya waliotahiriwa ukiigawa kwa ya waliosubiri, na wigo wake wa asilimia 95 ni 0.28 hadi 0.78, basi:

```
SE    = (ln 0.78 - ln 0.28) / 3.92 = 0.2613
uzito = 1 / SE^2                   = 14.6
```

Ile 3.92 ni 1.96 mara mbili, kwasababu wigo umeenda 1.96 kushoto na 1.96 kulia. Orange Farm (0.40, kutoka 0.24 hadi 0.68) inatoa uzito 14.2 na Rakai (0.49, kutoka 0.28 hadi 0.84) inatoa 12.7. Jumla ni 41.5, kwahiyo kwa asilimia ni 34 Orange Farm, 35 Kisumu, 31 Rakai. Ndo maana kisanduku cha Rakai kimepungua kidogo. Ungetumia idadi ya walioambukizwa peke yake vingekuwa karibu sawa kabisa, hiyo tofauti ndogo inatokana na jinsi kila timu ilivyokokotoa wigo wake. Alafu jambo moja la macho: kinachofuata uzito kwa kawaida ni eneo la kisanduku, sio upande wake. Utafiti wenye uzito mara nne unachorwa na kisanduku chenye upande mara mbili tu, kwahiyo usichukue rula ukapima upande ukasema hii ni mara mbili ya ile. Angalia safu ya asilimia za uzito pembeni, ndo kazi yake.

Kwa nini wanahangaika na visanduku kabisa wakati namba zipo? Kwasababu jicho letu linavutwa na kitu kirefu. Kwenye ploti, mstari mrefu ndo utafiti unaojua kidogo kuliko wote, lakini ndo unaokaa pale unajitanua kama bosi. Kisanduku kimewekwa kurudisha jicho kwa wenye taarifa nyingi. Ukiona mstari mrefu wenye kisanduku kama punje ya mtama, huo ni utafiti mdogo unaoongea kwa sauti kubwa.

Sasa mstari wa kulala. Ncha zake mbili ni wigo wa asilimia 95, na mimi huwa nausoma hivi: hizi ndo thamani ambazo data ya utafiti huu bado haijazikataa. Kisumu inasema "makadirio yangu bora ni 0.47, yani hatari imepungua kwa asilimia 53, lakini siwezi kukataa kwamba ukweli ni 0.28, na siwezi kukataa kwamba ni 0.78". 0.78 ni kupungua kwa asilimia 22 tu. Kati ya 22 na 72 ni mbali sana, na hiyo ndo hali halisi ya utafiti mmoja wenye maambukizi 69.

Utagundua pia kisanduku hakikai katikati ya namba. Kutoka 0.28 hadi 0.47 ni 0.19, kutoka 0.47 hadi 0.78 ni 0.31, lakini kwenye picha kimekaa katikati kabisa. Sio makosa ya mchoraji, ni skeli ya logi. Kwenye uwiano, kupunguza nusu (0.5) na kuongeza mara mbili (2) ni hatua zenye urefu sawa kutoka kwenye 1, kwahiyo karatasi inavutwa hivyo. Jaribu: 0.47 gawanya 0.28 ni karibu 1.7, na 0.78 gawanya 0.47 pia ni karibu 1.7. Ukikuta ploti ya uwiano ambayo mistari imerefuka upande mmoja tu wa visanduku, angalia mhimili wa chini, inawezekana hawakutumia logi.

Mstari wa kusimama ndo wa "hakuna tofauti". Kwa uwiano uko kwenye 1. Kwa tofauti ya kawaida, mfano tofauti ya presha kwa milimita, uko kwenye 0, na watu wanachanganya hapo kila siku. Soma pia maandishi ya chini yanayosema upande upi ni faida ya nani. Mimi niliwahi kuaibika mbele ya wakubwa, nimesimama nawasilisha ploti ya watu walioacha sigara, visanduku vyote vipo kulia kwa 1, nikatangaza kwa ujasiri kabisa kwamba dawa ina madhara. Kumbe kilichokuwa kinahesabiwa ni walioACHA, yani kulia ndo kuzuri. Mzee mmoja wa nyuma akaniuliza taratibu "mwanangu, kuacha sigara ni ugonjwa?" Mpaka leo nikishika ploti yoyote kitu cha kwanza nasoma ni kipi kimehesabiwa.

Turudi kwa mwenzako na "ukigusa moja haina kitu". Hapana, na hapa nataka ukae kidogo kwasababu ndo kosa linaloharibu mawasilisho mengi. Tufanye kama Kisumu ingekuwa ndogo, imepata robo tu ya maambukizi iliyopata, matokeo yakiwa yaleyale 0.47. Taarifa ikiwa robo, SE inakuwa mara mbili, 0.52 badala ya 0.26. Wigo unakuwa 0.17 hadi 1.31. Umevuka moja! Lakini kisanduku kimehama? Hakijahama hata milimita. Utafiti bado unasema makadirio bora ni kupungua kwa zaidi ya nusu, isipokuwa sasa hauna nguvu ya kukataa kwamba hakuna tofauti. "Sijaweza kuthibitisha" na "nimethibitisha hakuna" ni sentensi mbili tofauti kabisa, kama mahakamani, mtu akiachiwa kwa kukosa ushahidi haimaanishi imethibitika hakuiba kuku.

Na ukitaka kuona kwanini kuhesabu "ngapi zimevuka, ngapi hazijavuka" ni upotevu, chukua hizo Kisumu ndogo nne, kila moja 0.47 na kila moja inavuka moja. Kwa hesabu ya mwenzako ni nne kwa sifuri, tohara imeshindwa. Ziunganishe nne, unarudi kwenye 0.47 na wigo wa 0.28 hadi 0.78, ileile Kisumu kubwa. Hakuna kilichobadilika zaidi ya kuikata data vipande na kuirudisha.

Hapo ndo almasi inapoingia. Ni wastani ndio, lakini sio wa kujumlisha tatu ukagawa kwa tatu. Kila uwiano unageuzwa logi, unazidishwa na uzito wake, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya uzito, alafu unarudi kutoka kwenye logi. Kwa hizi tatu:

```
(14.2*ln 0.40 + 14.6*ln 0.47 + 12.7*ln 0.49) / 41.5 = -0.797
exp(-0.797)     = 0.45
SE = 1/√41.5    = 0.155
wigo            = 0.33 hadi 0.61
```

Almasi inasomwa kwa pembe zake. Pembe ya juu na ya chini zipo kwenye 0.45, pembe ya kushoto 0.33 na ya kulia 0.61. Urefu wake kwenda juu hauna maana yoyote, ni urembo, nimeshaona mwanafunzi anaelezea "almasi ni nene kwahiyo ushahidi ni mzito", hapana jamani. Upana ndo unaongea. SE imetoka kwenye 0.26 au 0.28 ya kila utafiti hadi 0.155, kwahiyo ile ncha ya kulia iliyokuwa inafika 0.78 au 0.84 sasa imeishia 0.61. Yani kwa pamoja tunaweza kukataa faida yoyote iliyo chini ya asilimia 39, kitu ambacho hakuna utafiti hata mmoja kati ya hizo ungeweza kukisema peke yake. Usishangae paper yako ikiwa na namba tofauti kidogo, wale wa Kokreni kwenye mapitio yao ya 2009 walipata 0.46, kutoka 0.34 hadi 0.62, kwa ufuatiliaji wa miezi 21 au 24. Njia yangu ya kutumia wigo uliochapishwa ni ya mkato, lakini unaona tumeangukia palepale.

Kama una R kwenye laptop, chora mwenyewe kabla ya siku yenyewe, ukichora mara moja hausahau:

```r
library(metafor)
yi  <- log(c(0.40, 0.47, 0.49))
sei <- c(0.266, 0.261, 0.280)
res <- rma(yi, sei = sei, method = "FE",
           slab = c("Orange Farm", "Kisumu", "Rakai"))
forest(res, atransf = exp)
```

Kisha badilisha 0.261 iwe 0.52 uangalie kisanduku cha Kisumu kinavyosinyaa na mstari wake unavyorefuka mpaka uvuke moja, almasi nayo inanenepa kidogo kwenda pembeni. Dakika mbili tu.

Sasa kuna kitu hujauliza lakini wataalam wa kwenye chumba watakuuliza: je, hizi tafiti zina haki ya kuunganishwa? Chora kwa kidole mstari wa kusimama kutoka katikati ya almasi kwenda juu. Kwa tohara unapita ndani ya mistari yote mitatu, tena karibu na visanduku vyenyewe, 0.40, 0.47, 0.49. Kipimo cha kutofautiana, ile I² iliyoandikwa chini ya ploti, inatoka asilimia 0, yani visanduku havijaachana zaidi ya vile bahati peke yake ingeviachanisha. Nchi tatu, timu tatu, jibu moja. (Angalizo dogo, ukiwa na tafiti tatu tu I² ya sifuri ni ushahidi dhaifu, haina macho makali. Hapa kinachonipa imani zaidi ni jinsi visanduku vyenyewe vilivyopangana.)

Pale ambapo havipangani almasi inaweza kukudanganya mchana kweupe, na mfano wake mkubwa ni magnesiamu kwa watu waliopata shambulio la moyo. 1991 tafiti ndogo saba ziliunganishwa: waliopewa magnesiamu walikufa 25 kati ya 657, wasiopewa 53 kati ya 644. Almasi nzuri kabisa, imekaa mbali kushoto kwa 1, vifo vimepungua zaidi ya nusu, kwa dawa ya bei ya chee. 1992 ukaja utafiti wa Lesta kule Uingereza unaoitwa LIMIT-2, wagonjwa 2,316, vifo 90 kwa 118, nao ukasema inasaidia. Alafu 1995 ikaja ISIS-4, wagonjwa 58,050. Vifo vikawa 2,216 kwa waliopewa na 2,103 kwa wasiopewa. Hakuna faida yoyote, kama kuna kitu basi kimeelemea kidogo upande mbaya.

Nimekaa nikazipanga mistari mitatu, zile saba ndogo nimezibana zikawa mstari mmoja (ni mkato, uchambuzi rasmi haufanyi hivyo, lakini unatosha kuona jambo lenyewe). Mstari wa kwanza uwiano 0.46, wa pili 0.76, wa tatu 1.05. Ukitumia njia ya athari moja, ile tuliyotumia kwa tohara, ISIS-4 inabeba asilimia 94 ya uzito, kisanduku chake kinafunika kila kitu, na almasi inakaa 1.03, kutoka 0.97 hadi 1.09. Dawa haisaidii. Ukitumia njia ya athari zinazotofautiana, ambayo kwenye paper utaikuta imeandikwa `random effects`, uzito wa ISIS-4 unaporomoka hadi kama asilimia 40, zile saba ndogo zinapanda kutoka asilimia moja na nusu hadi 26, na almasi inahamia 0.76, kutoka 0.51 hadi 1.14. Data ni ileile, mgonjwa hajaongezeka hata mmoja, lakini almasi imetembea kutoka "haisaidii" hadi "huenda inapunguza robo ya vifo".

Kwanini inafanya hivyo? Kwasababu njia hii ya pili inaamini kila utafiti unapima athari yake tofauti kidogo, na kazi ni kutafuta wastani wa hizo athari. Kwahiyo inaongeza kiasi kilekile cha tofauti kwenye kila utafiti, na kiasi hicho kinaufanya utafiti mkubwa usiwe na ubora mkubwa sana juu ya mdogo. Inafaa sana pale ambapo tofauti ni za kweli, mfano wagonjwa tofauti au dozi tofauti. Lakini kama tafiti ndogo zimependelea upande mmoja kwa sababu nyingine, mfano zile ndogo zisizopata faida ziliishia kwenye droo bila kuchapishwa, basi njia hii inawapa sauti walewale wenye upendeleo. Mwaka 2002 utafiti mwingine mkubwa wa magnesiamu, MAGIC, wagonjwa 6,213, ulipata vifo asilimia 15.3 kwa 15.2, na mjadala kwa kiasi kikubwa ukaishia hapo.

Unaigundua vipi kwenye picha? Tembeza jicho kutoka visanduku vidogo kwenda vikubwa. Vikiwa vinahama kwa mpangilio, vidogo vipo mbali kushoto na jinsi vinavyokua vinasogea kwenye moja, acha kuiamini almasi na usome kisanduku kikubwa chenyewe. Hapo I² ya mistari yangu mitatu ni asilimia 88, na ukipandisha kidole kutoka kwenye almasi ya 0.76 hakikutani kabisa na mstari wa ISIS-4. Almasi imekaa mahali ambapo utafiti mkubwa kuliko wote umeshasema "hapa sio".

Turudi kwenye tohara, kuna vitu viwili ploti yako haitakuonyesha hata ukiitumbulia macho. Cha kwanza, uwiano hauna idadi ya watu ndani yake. Kisanduku cha Kisumu na cha Rakai vimekaa karibu sehemu moja, 0.47 na 0.49. Lakini Kisumu kwa miaka miwili walioambukizwa walikuwa asilimia 4.2 kwa waliosubiri na 2.1 kwa waliotahiriwa, tofauti ni 2.1 kwa mia, yani kutahiri wanaume kama 48 kuzuia maambukizi mamoja ndani ya miaka hiyo miwili. Rakai tofauti ilikuwa 1.33 toa 0.66 kwa mwaka, kwa miaka miwili ni kama 1.34 kwa mia, kwahiyo unahitaji kama wanaume 75. Mwenye bajeti ya wilaya anataka hiyo 48 au 75, na kwenye foresti ploti haipo, unaitafuta kwenye jedwali.

Cha pili, tafiti zote tatu zilisimamishwa kabla ya muda kwasababu matokeo ya katikati yalionekana mazuri mno kuwaacha wengine wanasubiri. Ni uamuzi wa kiutu na sina ugomvi nao, ila utafiti unaosimamishwa pale unapong'aa huwa na tabia ya kukuza faida kidogo, na almasi inarithi hicho kidogo. Kukiwa na tafiti tatu zinazokubaliana hivi sidhani inageuza jibu, WHO na UNAIDS walipendekeza tohara Machi 2007 kwa msingi huuhuu, lakini mimi ningesema "karibu nusu hadi asilimia 60" badala ya kung'ang'ania asilimia 55 kamili.

Alafu jiandae, kuna mtu atanyoosha mkono aulize kuhusu wanawake. Soma tena kichwa cha safu: walioambukizwa waliohesabiwa ni wanaume wenyewe. Almasi ya 0.45 haisemi chochote kuhusu mke wa mwanaume ambaye tayari ana VVU. Hilo lilipimwa kivyake, Rakai hapohapo, kwa wanaume 922 wenye maambukizi, matokeo yakatoka 2009, na tohara haikupunguza maambukizi kwa wenza wao. Akisema "basi uongeze huo utafiti kwenye ploti uwe mstari wa nne", mwambie hapana, unahesabu kitu kingine.